Kugawa Jedwali kwa Mlalo na kwa Wima: Ripoti ya Mwaka na Mgonjwa Aliye Dirishani

Utangulizi

Katika zahanati na vituo vya afya vya Karagwe na Kyerwa, kama ilivyo kwingineko nchini, kuna rafu ya vitabu vya MTUHA. Kitabu cha wagonjwa wa nje kinapojaa, mhudumu hufungua kingine, kisha huandika kwenye jalada la kile cha zamani tarehe kilipoanza na tarehe kilipokoma. Pembeni yake lipo daftari la maabara. Mgonjwa aliyeandikwa asubuhi katika kitabu cha wagonjwa wa nje huandikwa tena humo, safari hii na kipimo alichofanyiwa na jibu lake. Tendo moja la mgonjwa mmoja, yaani kuhudhuria kwake siku ile, limegawanyika katika vitabu viwili.

Mhudumu huyo hajawahi kuitwa mtaalamu wa hifadhidata, lakini amekwisha kuigawa kumbukumbu kwa njia zote mbili zitakazoelezwa katika makala haya. Alipofungua kitabu kipya kwa sababu kile cha kwanza kimejaa, aligawa kwa mlalo. Alipoweka majibu ya maabara katika daftari lake mbali na kitabu cha wagonjwa wa nje, aligawa kwa wima.

Kumbukumbu zinapohamia kwenye kompyuta, migawanyo hiyo miwili inabaki, na athari zake zinaonekana dirishani. Ikifanywa vema, ripoti ya mwaka hutoka kwa sekunde chache na siri ya mgonjwa hulindwa. Ikifanywa vibaya, mgonjwa husimama akingoja kompyuta ipekue miaka kumi, au hutoweka katika hesabu bila mtu kujua. Makala haya yanaeleza namna kila mgawanyo unavyofanya kazi, unavyogharimu, na namna ya kutambua pale unapoleta madhara.

Maana ya migawanyo miwili

Jedwali la hifadhidata ni kama ukurasa wa kitabu cha MTUHA. Lina mistari inayokwenda kutoka kushoto hadi kulia, na kila mstari ni hudhurio moja. Lina pia safu zinazoshuka kutoka juu hadi chini: namba ya mgonjwa, tarehe, kituo, utambuzi wa ugonjwa, maelezo ya tabibu, na kadhalika.

Kugawa kwa mlalo ni kulipitisha wembe jedwali kati ya mstari na mstari. Kila fungu hubaki na safu zote, lakini na baadhi tu ya mistari: fungu la mwaka 2023, fungu la mwaka 2024, na kuendelea. Kugawa kwa wima ni kuupitisha wembe kati ya safu na safu. Kila sehemu hubaki na mistari yote, lakini na baadhi tu ya safu, na namba ya hudhurio hurudiwa katika kila sehemu ili vipande viweze kuunganishwa tena.

Katika makala haya tutaita ombi lolote linalotumwa kwa hifadhidata "ulizo". Mtunza takwimu anayetaka kujua idadi ya wagonjwa wa malaria mwaka 2024 anatuma ulizo. Mpokeaji anayeandika namba ya mgonjwa ili kumwona alikuja lini mara ya mwisho naye anatuma ulizo. Maulizo haya mawili yanafanana kwa sura, lakini yanavuta pande mbili tofauti. La kwanza linataka watu wote wa kipindi kimoja, na la pili linataka vipindi vyote vya mtu mmoja. Kutoka hapa hadi mwisho, hoja itakuwa ni hiyo.

Gharama ya ulizo: kuhesabu kurasa

Hifadhidata haisomi mstari mmoja mmoja kutoka kwenye diski. Husoma ukurasa mzima. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo ni ya bure na hutumika katika mifumo mingi ya afya, ukurasa mmoja kwa kawaida una kilobaiti 8. Ukihitaji neno moja lililo ndani ya ukurasa, ukurasa wote huletwa. Kwa hiyo, anayetaka kukadiria wepesi wa ulizo huanza kwa kuuliza: ni kurasa ngapi zitakazoguswa?

Tuchukue mfano wa kubuni, uliochaguliwa kwa urahisi wa hesabu. Tuseme kumbukumbu za wagonjwa wa nje za vituo 100 vya wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, zimekusanywa katika seva moja. Kila kituo huona wagonjwa 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hayo ni mahudhurio 1,200,000 kwa mwaka, na kwa miaka kumi, kuanzia 2015 hadi 2024, ni 12,000,000.

Tuseme tena kwamba mstari mmoja una takriban baiti 1,200, kwa sababu pamoja na tarehe na utambuzi umebeba maelezo marefu ya tabibu. Mistari 6 tu ndiyo itakayoenea katika ukurasa mmoja. Mistari milioni 12 itahitaji kurasa 2,000,000, yaani karibu gigabaiti 16. Seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 haiwezi kuzishika zote kwa pamoja, hivyo italazimika kwenda kwenye diski kila mara. Diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itachukua kama sekunde 160 kulipitia jedwali zima, na yote hayo ni kwa ajili ya kupata hesabu ya malaria ya mwaka mmoja.

Sasa tugawe kwa mlalo, fungu moja kwa kila mwaka. Ulizo la mwaka 2024 litagusa fungu moja tu kati ya kumi: kurasa 200,000, kama sekunde 16.

Badala yake, tugawe kwa wima. Maelezo marefu ya tabibu yapelekwe katika jedwali la pembeni, na jedwali kuu libaki na safu nyembamba zinazohitajika katika hesabu. Mstari sasa una takriban baiti 100, na ukurasa mmoja unaenea mistari kama 60. Miaka yote kumi inaingia katika kurasa 200,000. Manufaa ni yale yale, yaani mara kumi, ingawa yamepatikana kwa njia nyingine. Mgawanyo wa kwanza ulipunguza mistari inayopitiwa, wa pili ulipunguza unene wa kila mstari.

Tukifanya vyote viwili, ulizo la mwaka 2024 litagusa kurasa 20,000, karibu sekunde moja na nusu. Kurasa hizo ni kama megabaiti 160, nazo zitakaa kwa urahisi katika kumbukumbu ya seva, hivyo anayeuliza mara ya pili huenda asiiguse diski kabisa.

Kabla ya kusonga mbele, tuweke mpaka. Hesabu hii ni ya jedwali kubwa kuliko kumbukumbu ya seva. Zahanati yenye wagonjwa 20 kwa siku haina sababu ya kugawa chochote kwa mlalo. Kwake faharasa ya tarehe, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha tarehe fulani iko ukurasa gani, itatosha kwa miaka mingi. Kuligawa jedwali dogo ni kufungua vitabu kumi vyenye kurasa mbili mbili.

Namna mgawanyo wa mlalo unavyoandikwa

Katika matoleo ya sasa ya PostgreSQL, mgawanyo wa mlalo huandikwa waziwazi wakati wa kuunda jedwali:

```sql
CREATE TABLE mahudhurio (
  namba_hudhurio bigint NOT NULL,
  tarehe         date   NOT NULL,
  namba_mgonjwa  bigint NOT NULL,
  kituo          integer,
  utambuzi       text,
  PRIMARY KEY (namba_hudhurio, tarehe)
) PARTITION BY RANGE (tarehe);

CREATE TABLE mahudhurio_2024
  PARTITION OF mahudhurio
  FOR VALUES FROM ('2024-01-01')
           TO ('2025-01-01');
```

Mambo mawili yaangaliwe. La kwanza, mpaka wa juu hauhesabiwi ndani ya fungu. Tarehe 1 Januari 2025 si mali ya fungu la 2024. La pili, ufunguo mkuu umelazimika kubeba tarehe pamoja na namba ya hudhurio, kwa kuwa hifadhidata hii huhakikisha upekee ndani ya kila fungu peke yake. Maana yake ni kwamba namba moja ya hudhurio yaweza kujirudia katika miaka miwili tofauti bila mfumo kulalamika. Ndiyo sababu jedwali la wagonjwa wenyewe, lenye jina, jinsi na mwaka wa kuzaliwa, halipaswi kugawanywa kwa mwaka wa kuandikishwa. Likigawanywa hivyo, mtu mmoja aweza kuandikishwa mara mbili kwa namba ile ile katika miaka miwili, na hakuna kengele itakayolia.

Baada ya jedwali kugawanywa, anayetuma ulizo hahitaji kulitaja fungu. Hulitaja jedwali kuu, na hifadhidata yenyewe huyatupa kando mafungu yasiyohusika. Lakini hufanya hivyo pale tu tarehe inapotajwa kwa namna inayoweza kulinganishwa na mipaka ya mafungu. Tazama maulizo haya mawili:

```sql
SELECT count(*) FROM mahudhurio
WHERE tarehe >= '2024-01-01'
  AND tarehe <  '2025-01-01';

SELECT count(*) FROM mahudhurio
WHERE extract(year FROM tarehe) = 2024;
```

Jibu ni moja. Gharama si moja. Katika ulizo la kwanza, hifadhidata inaziona tarehe na kulichukua fungu la 2024 peke yake. Katika la pili, tarehe imefungwa ndani ya hesabu ya kutoa mwaka. Hifadhidata hailinganishi matokeo ya hesabu hiyo na mipaka ya mafungu, hivyo hufungua mafungu yote kumi na kuukagua kila mstari. Fundi aliyejitahidi kugawa jedwali, kisha akaandika ripoti kwa mtindo wa pili, hakupata faida yoyote.

Kutambua ni rahisi. Ukitanguliza neno `EXPLAIN` mbele ya ulizo, hifadhidata hukuonyesha mpango wake bila kuutekeleza. Ukiona jina `mahudhurio_2024` peke yake, mambo ni sawa. Ukiona orodha inayoanza na `mahudhurio_2015` na kushuka hadi `mahudhurio_2024`, mgawanyo haujakusaidia.

Liko pia kosa linalosubiri kalenda. Tuseme hakuna aliyekumbuka kuunda fungu la mwaka mpya. Tarehe 31 Desemba kila kitu kinakwenda vizuri. Asubuhi ya tarehe 1 Januari mgonjwa wa kwanza anafika, mpokeaji anaandika, na mfumo unakataa kwa ujumbe huu: `no partition of relation "mahudhurio" found for row`. Hakuna kilichoharibika kwenye seva wala kwenye mtandao. Kitabu cha mwaka mpya ndicho kilichokosekana rafuni. Dawa yake ni kuunda mafungu ya miaka miwili au mitatu ijayo mapema, na kuweka fungu la akiba la kupokea mistari isiyo na pa kwenda. Fungu la akiba likaguliwe kila mwezi. Likianza kujaa, ama fungu la mwaka limesahauliwa au tarehe zinaandikwa kimakosa, kama vile mwaka 2042 badala ya 2024.

Mgonjwa wa miaka mingi

Mpaka hapa tumemsikiliza mtunza takwimu. Sasa tumsikilize mgonjwa.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikoripotiwa, mwaka 1983. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004, na tangu hapo maelfu ya watu wamekuwa wakihudhuria kliniki za tiba na matunzo, CTC, mwaka hadi mwaka. Ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu nao humfanya mtu awe mgeni wa kudumu wa kliniki. Kwa watu hawa, swali la tabibu si "mwaka huu walikuja wangapi?" Swali ni "mgonjwa huyu mbele yangu amekuwaje tangu alipoanza dawa?"

Tumfikirie mama mmoja wa Nyaishozi aliyeanza matibabu mwaka 2015 na kuhudhuria mara nne kila mwaka. Ana mahudhurio 40, na katika jedwali letu yametapakaa katika mafungu yote kumi. Ulizo linalotaja namba yake bila tarehe haliwezi kutupa fungu lolote kando, kwa kuwa kila fungu laweza kuwa na habari zake.

Je, hilo ni janga? Inategemea faharasa. Ikiwa kila fungu lina faharasa ya namba ya mgonjwa, hifadhidata itashuka katika faharasa kumi, na kila mshuko hugusa kurasa mbili au tatu. Hiyo ni nyongeza ya kurasa kama 30 juu ya zile 40 hivi zenye mahudhurio yenyewe. Mtu aliye dirishani hatahisi tofauti. Lakini kama fundi, kwa kupenda mafungu madogo, amegawa kwa mwezi badala ya mwaka, mafungu ni 120, na mishuko ni 120. Na kama faharasa ya namba ya mgonjwa imesahauliwa kabisa, hifadhidata itapitia mistari yote milioni 12 kumtafuta mama mmoja. Hapo ndipo foleni inapotokeza nje ya mlango.

Kwa hiyo jedwali lililogawanywa kwa tarehe ni lazima liwe na faharasa ya mgonjwa, tena iundwe kwenye jedwali kuu ili irithiwe na kila fungu, hata lile litakaloundwa mwakani:

```sql
CREATE INDEX ON mahudhurio (namba_mgonjwa);
```

Msomaji ambaye ni mgonjwa naye ana jambo la kuchukua hapa. Mpokeaji anapokuuliza, "Mara ya mwisho ulikuja lini?", si udadisi. Namba ya kadi yako hukutambulisha wewe, na tarehe ya hudhurio lako humwezesha kufungua fungu moja badala ya yote, kama vile tarehe zilizoandikwa juu ya majalada zilivyomwezesha mhudumu kuchukua kitabu kimoja rafuni.

Kwa nini tusigawe kwa wilaya

Yupo atakayeuliza: kwa kuwa seva inahudumia wilaya mbili, si bora fungu moja liwe la Karagwe na jingine la Kyerwa? Kila mganga mkuu wa wilaya angesoma fungu lake.

Historia ya eneo lenyewe inajibu. Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Karagwe. Hifadhidata iliyogawanywa kwa wilaya mwaka 2010 ingekuwa na fungu moja la Karagwe lenye vituo vyote. Baada ya mwaka 2012, mistari ya vituo vilivyoangukia Kyerwa ingepaswa kuhamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine, kazi ambayo kwa mamilioni ya mistari huchukua saa nyingi na kuwalazimisha watumiaji kungoja. Isipohamishwa, ulizo la kulinganisha hali ya Kyerwa kabla na baada ya mwaka 2012 lingelazimika kusoma mafungu mawili na kuchagua vituo kimoja kimoja.

Mipaka ya kiutawala hubadilishwa kwa tangazo. Tarehe ya hudhurio haibadilishwi na mtu. Mgonjwa aliyekuja tarehe 3 Machi 2015 atabaki amekuja siku hiyo hata kata yake ikihamishiwa wilaya nyingine. Ndiyo sababu safu inayotumika kugawa inapaswa kuwa ile isiyobadilika baada ya mstari kuandikwa. Kituo na wilaya ziandikwe kama safu za kawaida, na wilaya iwekwe katika jedwali dogo la vituo ili ikibadilika isahihishwe mahali pamoja. Kanuni hiyo inahusu pia namba za wagonjwa. Namba ya CTC hujengwa kwa tarakimu za mkoa, wilaya, kituo na mgonjwa, na inashawishi kugawa kwa tarakimu hizo za mwanzo. Anayefanya hivyo amegawa kwa wilaya bila kujitambua.

Mgawanyo wa wima: wepesi, siri, na mistari inayotoweka

Turudi kwenye wembe wa pili. Tumeona kwamba kuyahamisha maelezo marefu ya tabibu kunalifanya jedwali kuu liwe jembamba. PostgreSQL yenyewe hufanya jambo linalofanana na hilo kimyakimya: mstari unapozidi takriban kilobaiti 2, huibana safu ndefu au huihamishia mahali pengine. Lakini mstari wetu wa baiti 1,200 haufiki kiwango hicho. Ni mnene wa kutosha kuchelewesha kila hesabu, na bado si mnene wa kutosha kuhamishwa wenyewe. Mistari ya namna hiyo ndiyo inayonufaika zaidi na mkono wa mwanadamu.

Sababu ya pili ya kugawa kwa wima katika huduma za afya ni siri. Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 inataka taarifa za mtu kuhusu VVU zitunzwe kwa siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mpokeaji wa dirishani anahitaji jina, namba na tarehe. Hahitaji jibu la kipimo cha VVU. Safu hiyo ikiwa katika jedwali lile lile analofungua kila dakika, ulinzi unategemea skrini aliyotengeneza fundi. Ikiwa katika jedwali lake, mpokeaji hupewa ruhusa ya jedwali moja na kunyimwa la pili. Katika kijiji ambako mpokeaji na mgonjwa wanakutana gulioni, hilo si jambo dogo.

Gharama ya mgawanyo wa wima hulipwa wakati wa kuunganisha. Tabibu anayetaka hudhurio na maelezo yake hulazimika kusoma majedwali mawili. Kwa mgonjwa mmoja ni kurasa chache za ziada. Kwa ripoti inayohitaji maelezo ya watu wote, kuunganisha mamilioni kwa mamilioni huweza kumeza faida yote iliyopatikana. Ndiyo maana safu zinazoulizwa pamoja zikae pamoja. Joto la mwili na uzito, kwa mfano, zikihitajika katika kila hudhurio, kuzitenga ni kujitafutia kazi.

Hatari kubwa zaidi haihusu kasi, inahusu ukweli wa hesabu. Tuseme siku moja kituo kimeandika mahudhurio 100, na tabibu ameandika maelezo kwa 85 tu, kwa kuwa wengine 15 walikuja kuchukua dawa. Ulizo lifuatalo linaonekana halina kosa:

```sql
SELECT count(*)
FROM mahudhurio h
JOIN mahudhurio_maelezo m
  ON  m.namba_hudhurio = h.namba_hudhurio
  AND m.tarehe = h.tarehe;
```

Katika mahudhurio hayo 100, litahesabu 85. Neno `JOIN` peke yake huwabakiza wale tu walio na mstari katika majedwali yote mawili. Wagonjwa 15 wametoweka katika ripoti, na hakuna ujumbe wa kosa. Ukiandika `LEFT JOIN`, wote 100 wanarudi, na wasio na maelezo huonyeshwa na nafasi tupu. Kwa wagonjwa wa dawa za kudumu, tofauti hiyo yaweza kuwa kati ya dawa za kuagizwa kwa watu 100 na dawa za kuagizwa kwa watu 85. Namna ya kutambua ni kuhesabu jedwali kuu peke yake, kisha kuhesabu baada ya kuunganisha. Hesabu mbili zikitofautiana, usiitie sahihi ripoti hiyo.

Liko jingine linalofanana nalo. Umeme ukikatika baada ya mstari wa hudhurio kuandikwa na kabla ya mstari wa maelezo, mgonjwa hubaki na nusu ya kumbukumbu. Kinga yake ni kuandika sehemu zote mbili ndani ya muamala mmoja, kati ya `BEGIN` na `COMMIT`, ili ama zote ziingie au zote zikose. Hudhurio lililokosekana lote litaonekana na kuandikwa upya. Lililoingia nusu halitazamwi tena na mtu.

Njia ya DHIS2: asili moja, nakala iliyogawanywa

Tumeona kwamba ripoti inataka kukata kwa tarehe, na mgonjwa anataka kumbukumbu zake zikae pamoja. Je, ni lazima mmoja ashindwe?

Mfumo wa DHIS2, ambao Tanzania hutumia kukusanyia takwimu za MTUHA, una jibu linalofaa kuangaliwa. Mfumo huu huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake wa siku nyingi hapa nchini. Ndani yake, takwimu zinazoingizwa na kituo huhifadhiwa katika jedwali la asili liitwalo `datavalue`. Kisha, kwa ratiba iliyowekwa, mara nyingi usiku, mfumo huunda nakala maalumu kwa ajili ya ripoti, na nakala hizo hugawanywa kwa mlalo mwaka kwa mwaka. Mtu anayefungua grafu ya miezi ya mwaka mmoja husomewa fungu la mwaka huo, wala hagusi jedwali la asili.

Kwa njia hiyo, jedwali la asili linabaki katika umbo linalofaa kuingizia na kusahihishia, na nakala inachukua umbo linalofaa kusomea. Bei yake ni muda. Mhudumu wa Nyaishozi aliyeingiza takwimu za mwezi saa nne asubuhi, kisha akafungua ripoti saa tano na kukuta nafasi tupu, asidhani kazi yake imepotea, wala asiingize upya. Nakala haijaundwa tangu alipoingiza. Akitaka uhakika afungue fomu ya kuingizia, maana hiyo husoma asili. Takwimu zikionekana kwenye fomu na zisionekane kwenye ripoti hata siku inayofuata, basi uundaji wa nakala ndio ulioshindwa, na msimamizi wa mfumo aarifiwe.

Hitimisho

Anayekusudia kugawa jedwali la kituo chake aanze kwa karatasi. Aandike maulizo matano au sita yanayoulizwa mara nyingi, na mbele ya kila moja aandike mambo mawili: ni mistari ipi inayohitajika, na ni safu zipi. Maulizo mengi yakitaja tarehe, na jedwali likiwa limezidi kumbukumbu ya seva, mgawanyo wa mlalo kwa mwaka utafaa, pamoja na faharasa ya mgonjwa. Mengi yakitumia safu chache nyembamba, au baadhi ya safu zikiwa si za kila jicho, mgawanyo wa wima utafaa, pamoja na `LEFT JOIN` na muamala mmoja. Na kama lipo ulizo moja tu katika orodha lisilotaja tarehe, nalo ni la mgonjwa aliyesimama dirishani na kadi mkononi, lipimwe kwa `EXPLAIN` kabla ya mengine yote, kwa kuwa mwenye ripoti anaweza kungoja hadi kesho.